Kichwa Nilichonyoa Mume Wangu Akiwa Hai

Huku kwetu mlimani, mwanamke mzima akionekana kanyoa kichwa chote, watu hawaulizi kwa nini. Wanauliza nani. Nani amewatoka, amezikwa lini, mbona sisi hatukupata habari. Nywele za mwanamke ziliondoka kwa msiba, siku ya kumaliza matanga, na katika ukoo wa mume wangu aliyezitoa alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Alikuwa na mkono mwepesi, hakuwahi kumkata mtu. Aliwanyoa wajane wote ninaowakumbuka, na mimi ninawakumbuka wote kwa majina yao na ya waume zao, ila hapa sitawataja. Wengine wapo hai na hawajanituma.

Mimi nilianza kupoteza nywele bila msiba wowote.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipojaa tena. Tulikuwa tumekaa muda mrefu tukifua nguo kwa majani ya mpapai na kupanga foleni ya sukari, halafu mara mjini Moshi kukawa na kila kitu. Sabuni za rangi rangi, mitumba imelundikwa chini, na dawa za nywele. Binti yangu aliyekuwa akifanya kazi mjini alinipeleka saluni nikawekwa kalikiti, ile dawa ya kuzikunja nywele mawimbi. Nywele zikalowa mafuta, zikachuruzika hadi kwenye kola, na mto wangu wa kulalia ukawa kama kitambaa cha kufutia sufuria. Nilijiona malaika. Baada ya hapo ikaja dawa ya kulainisha. Ile inaunguza. Ukilalamika kwamba inawasha, msusi anakwambia, "Vumilia mama, ndiyo inashika."

Nikavumilia. Ngozi ya kichwa ikatoka malengelenge, yakakauka, nikarudi tena kuweka. Halafu nikawa nasukwa misuko ya kubana, ile inayovuta mpaka macho yanapanda. Na juu ya hayo yote nilikuwa mwanamke wa mlimani, ambaye ng'ombe wake anakula zizini. Majani tuliyafuata tambarare, tukayapandisha kichwani. Mzigo unakaa palepale utosini kila siku, ngata ya majani makavu ya mgomba ikisugua.

Basi utosini ndipo palipoanza. Kwanza padogo, kama alama ya kidole gumba. Nikapafunika kwa nywele za pembeni. Pakakua, nikavuta zaidi nywele za pembeni, na hizo nazo zikaanza kukatika kwa kuvutwa. Nikafunga kitambaa. Mwanzoni nilifunga nikitoka. Baadaye nikafunga na jikoni. Mwisho nikawa nalala nacho, na asubuhi nakibadilisha nikiwa nimejifungia stoo tunakoweka mahindi, kwa sababu stoo haikuwa na kioo na haikuwa na mume wangu.

Mume wangu wakati huo alikuwa ametoka kuugua. Alianguka kwenye migomba akiwa anakata mkungu, akapelekwa hospitali, wakasema ni presha. Akarudi nyumbani na vidonge na fimbo, mguu mmoja ukiwa mzito kidogo. Watu walikuja kumtazama. Lakini kuna kumtazama mtu na kuna kumtazama mtu. Wengine waliingia wakamwangalia usoni, kisha wakaangalia kihamba, shamba letu la urithi, wakaangalia watoto, kama wanaopima kazi iliyo mbele yao. Yeye aliona. Hakuwa mjinga.

Kichwa changu kikaanza kuwasha chini ya kile kitambaa. Kilikuwa kitambaa cha nailoni, kinang'aa vizuri, nilikipenda, ila jasho halikuwa na pa kutokea. Vikatoka vipele, vingine na usaha, na ikaja harufu ambayo niliisikia mwenyewe kanisani nikiinama kuomba. Nikahama benchi. Nikakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na bado nikaona kama wote wameinusa.

Nikateremka mjini kwa nesi mmoja aliyekuwa akishughulika na magonjwa ya ngozi. Alikuwa binti mdogo kwangu lakini hakuwa na haraka. Alifungua kitambaa mwenyewe, taratibu, akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akabonyeza utosini kwa kidole.

"Hapa panapong'aa, mama, ngozi imeziba," akasema. "Hakuna hata vitundu. Nywele za hapa hazirudi. Nisikudanganye."

"Hata nikinyoa zikaota upya? Wanasema ukinyoa zinakuja na nguvu."

"Wanasema. Kunyoa hakuoteshi nywele na hakuziui. Kinachoziua ni dawa, na kuvuta, na hii." Akakiinua kile kitambaa changu cha nailoni kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika mkia wa panya. "Dawa za nywele uache kabisa. Kusuka kwa kubana uache. Nitakupa ya kunywa na ya kupaka kwa hivi vidonda. Ila dawa ya kupaka lazima ifike kwenye ngozi, na wewe hapa umeifunikia paa."

"Kwa hiyo ninyoe?"

"Mimi sikulazimishi. Ukipunguza zikawa fupi, inatosha kwa dawa. Ukitaka kunyoa zote utapumzika zaidi, hutakuwa na cha kuvuta wala cha kuficha. Hilo ni la kwako, mama, na la nyumbani kwako."

La nyumbani kwangu. Ndilo lililonipandisha mlima nikiwa nimenyamaza siku hiyo.

Nilianzia kwa wifi. Nilimkuta akimenya ndizi za mtori, kisu kinakwenda bila yeye kutazama.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba mke wetu. Mbona umepoa? Kaka yangu amezidiwa?"

"Hajazidiwa. Nimekuja kwa jambo langu." Nikamweleza. Sikufungua kitambaa, nilimweleza kwa mdomo tu, nikamwomba anipunguzie kazi, aninyoe yeye kwa mkono wake mwepesi.

Kisu kikasimama.

"Mimi?"

"Nani mwingine wifi?"

"Mkono huu unanyoa msiba." Akaunyoosha mbele yangu, una utomvu mweusi wa ndizi. "Nimemzika nao baba, nimemzika nao mama, na wadogo zangu wawili. Sasa nikuwekee wembe kichwani na mwenye nyumba yuko pale anakunywa chai? Unataka niseme nini nikiwa nanyoa? Maana mimi nikinyoa huwa ninasema maneno. Nitasema pole kwa nani?"

"Usiseme chochote."

"Haiwezekani." Akarudia kumenya. Halafu, kwa sauti ya chini: "Kanyoe kwingine kama ni lazima. Lakini umuulize kwanza mwenye kichwa."

"Kichwa si changu?"

"Wewe ndiye unayekibeba," wifi akasema, na akacheka kidogo, lakini macho hayakucheka.

Nikamuuliza. Mume wangu alikuwa amekaa barazani ameegemeza fimbo ukutani. Nilianza mbali, kwa nesi na vidonge, nikafika kwenye wembe. Hakuniacha nimalize.

"Unaninyolea?"

"Baba watoto, ni ngozi tu ina vidonda."

"Vidonda vya kichwa cha mke wangu mimi nitavijuaje? Sijakiona." Akatazama migomba. "Watu watapita hapa njiani wakuone na kipara, halafu wanione na mimi nimekaa. Watasema huyu mama ameshamaliza, anangoja tu jeneza. Subiri. Hutasubiri sana."

Neno hilo liliniumiza, nikaingia ndani. Ninasema kweli, nilimkasirikia. Nilijiambia anaogopa midomo ya watu kuliko kichwa changu. Nikaendelea kufunga kitambaa na dawa ya kupaka nikaipaka juu ya nywele, ikabaki hukohuko juu kama uji uliomwagika kwenye majani. Vidonda havikusikia habari yake. Nikawa ninafikiri mambo mawili kwa pamoja siku nzima. Nikinyoa, ninamzika mtu aliye hai mbele ya kijiji kizima, na moyo wake ule, na presha yake ile. Nisiponyoa, ninaoza kidogo kidogo na kujificha stoo hadi lini? Kulikuwa na jambo la tatu ambalo sikulifikiri kabisa, nalo ndilo lilikuwa lenyewe.

Lilitoka siku moja mchana. Mvua ilikuwa inanyesha na hatukuweza kwenda popote, tumekaa jikoni, moto katikati yetu. Kichwa kikaniwasha hadi machozi, nikaingiza kidole chini ya kitambaa, nikajikuna, nikatoa kidole kina damu. Aliona. Akaniuliza bila hasira, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichoweza kununua:

"Tangu lini unalala umefunga kitambaa?"

"Muda."

"Tangu nilipoanguka."

"Hapana. Kabla."

"Mimi niliona baada ya kuanguka. Nikasema, basi. Huyu ameshajifunga. Mwanamke akimaliza na mume wake anajifunga kichwa. Mama yangu alijifunga hivyohivyo baba alipougua, hatukuona tena nywele zake hadi alipokuja kunyolewa." Akasukuma kuni motoni kwa fimbo. "Nikawa nakutazama usiku na hicho kitambaa chako nikasema, nalala na mjane."

Nilisikia mvua kwenye mabati na sufuria ikichemka. Miaka yote ile nimejifungia stoo nikidhani ninamficha aibu yangu, kumbe mwenzangu alikuwa anasoma kifo chake mwenyewe kichwani kwangu.

Nikafungua. Sikumwambia kitu. Nilifungua fundo, nikakivuta, na kwa sababu kilikuwa kimegandia kwenye vidonda kilitoka na vinyweleo vyake. Nikainama mbele yake karibu na moto ili aone vizuri.

Nikahisi kidole chake utosini, pale palipong'aa, kikizunguka ukingo taratibu kama anayetafuta mpaka wa shamba.

"Mama watoto," akasema, "hiki kichwa kimefikaje hapa na mimi nipo?"

"Nilikuficha."

"Mimi nina kipara tangu watoto wakiwa shule ya msingi. Ulidhani nitakucheka?"

"Wewe ni mwanamume."

"Inzi akitua kiparani haangalii hilo." Akacheka, na mimi nikacheka huku nalia. Kisha akasema, "Tunateremka mjini. Mimi na wewe. Unanyolewa nikiwa nimekaa pale pale, na atakayetaka kujua nani amekufa aje aniulize mimi."

Saluni za kike zote nilizojua zilikuwa za dawa, kwa hiyo tulikwenda kwa kinyozi wa wanaume, karibu na soko. Chumba kidogo, kioo kimoja, picha za vichwa vya vijana ukutani. Wateja waliokuwa wakingoja walinyamaza tulipoingia. Kinyozi alikuwa mtu wa makamo, akatuamkia, akaanza kumfunga mume wangu shuka shingoni.

"Si mimi," mume wangu akasema. "Mimi zimeshaisha. Ni mama."

Kinyozi akanitazama, akamtazama yeye, nikaona neno linapanda na kushuka kooni mwake. "Poleni, mzee," akasema.

"Pole ya nini? Hakuna aliyekufa. Mimi ndiye mume wake."

Vijana wakacheka. Kinyozi akaomba radhi, nikakaa kwenye kiti, nikafungua kitambaa mbele ya wanaume wageni, na nilikuwa sijawahi kufanya jambo gumu kama lile. Hakuna aliyecheka hapo.

Alitazama vidonda kabla ya kushika chombo. Nilikuwa nimekuja na wembe wangu mpya kwenye karatasi yake, maana siku zile ukimwi ulikuwa umeshatufundisha tusichangie nyembe. Akaurudisha mkononi mwangu. "Huu weka, mama. Leo hakuna wembe. Wembe juu ya vidonda unafungua njia. Tutakata kwa mkasi, halafu mashine, tuache vijiti vifupi kabisa. Vidonda vikipona ndipo utachagua." Akasafisha meno ya mashine kwa brashi, akayafuta kwa spiriti, akasubiri ikauke. Akaanza kutoka kisogoni. Nywele zilianguka kwenye shuka, kidogo sana. Nilishangaa jinsi zilivyokuwa kidogo. Yale yote niliyoyahangaikia yangejaa kiganja kimoja.

Nusu ya kichwa, mashine ikanyamaza. Mgao wa umeme.

"Aa!" vijana wakasema kwa pamoja.

Nikajitazama kwenye kioo. Upande wa kulia mzee, upande wa kushoto kuku aliyenyonyolewa akakimbia. Mume wangu akanitazama, midomo ikamtetemeka, nikajua kinachokuja. Alicheka mpaka akashika mguu wake mbovu. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu aanguke. Kinyozi akatoa mashine ya zamani ya kubana kwa mkono, akaitia mafuta ya cherehani, akaniambia itavuta kidogo, na kweli ilivuta. Akamaliza. Akanifuta kwa kitambaa cha maji safi, akakausha kwa kugusagusa bila kusugua. Kijana mmoja akasema anipake ile spiriti ya ndevu ninukie. Kinyozi akamkatalia, akasema itaunguza vidonda na kukausha ngozi, apake mwenyewe kwenye mdomo wake.

Nilitoka nje, upepo ukanipiga kichwani. Sijui niueleze vipi. Ilikuwa kama kuvua viatu baada ya safari.

Mume wangu alitangulia mbele yangu kutoka kituo cha magari hadi nyumbani, na fimbo yake, akisalimia kila mtu kwa sauti ambayo hata kanisani hakuitumia. "Habari za hapa! Mnatuona? Sisi ni wazima!" Nikamwambia punguza, utapandisha presha. Akasema presha na yenyewe ijue yupo.

Hata hivyo habari ilimpita. Kesho yake asubuhi na mapema, yeye akiwa bado amelala, nilitoka kwenda kuchota maji kichwa wazi, ili dawa ipate hewa. Wanawake wawili wa upande wa pili wa mto waliniona kwa mbali. Hawakusogea kuniuliza, nani anamuuliza mjane bombani? Walirudi kwao, na kabla jua halijapanda sana nikasikia kilio kinakuja njiani. Kilio kile chenyewe, cha kwetu, cha mikono kichwani. Wakaingia uani akina mama sita saba wa jumuiya, mmoja na mkungu wa ndizi, mwingine na mzigo wa kuni, mwingine sukari kwenye khanga.

"Mama weee! Ametuacha baba yetu! Mbona hamkutuambia!"

Nilikuwa nimeshika ufagio. Mlango ukafunguka nyuma yangu. Mume wangu akatoka amevaa shati la kulalia, fimbo mkononi, akasimama barazani akiwatazama.

Kilio kilikatika kama mashine ya kinyozi. Aliyebeba kuni alizitupa na kukimbia hadi kwenye miti ya kahawa.

"Karibuni," mume wangu akasema. "Kaeni. Mlikuwa mmefika wapi?"

Wakamwangukia wakimwomba msamaha, mmoja akisema ni shetani, mwingine akimlaumu mwenzake wa bombani. Akawakalisha kwenye mabenchi, akaniambia niweke chai.

"Nani alikuwa aniseme?" akauliza. "Msibani huwa kuna mtu anamsema marehemu. Basi semeni, nipo nasikia."

Wakafunika nyuso kwa khanga kwa aibu, lakini hakuwaachia. Mwisho mama mmoja mzee, yule wa sukari, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye alikuwa aseme jinsi mume wangu alivyomwachia maji ya mfereji mwaka wa ukame, zamu yake mwenyewe, hadi mboga zake zikapona. Mume wangu alimtazama. Alisema hakujua kama yule mama bado anakumbuka. Akasugua jicho, halafu akasema, "Sukari rudi nayo, mama. Kuni nazo. Ila hizo ndizi acheni. Nitazila mwenyewe."

Baada ya siku hiyo hakuna aliyeuliza tena. Kichwa changu kikawa kichwa.

Kukitunza nilijifunza kwa kukosea. Vidonda vilipokauka nikajiona nimemaliza, nikateremka Kahe, kule tambarare, kwenye mahindi yetu bila kufunika kitu. Huku juu kuna baridi na mawingu mtu anasahau jua. Kule chini halisahauliki. Ngozi ya kichwa iliyokuwa gizani miaka yote ni laini kama ya mtoto, tena nyeupe kuliko uso. Iliungua, ikauma kwa kuguswa na mto, ikabanduka maganda. Nesi aliponiona alitikisa kichwa. Tangu hapo sitoki juani bila kofia pana ya ukili au kitambaa cha pamba kilichofungwa kwa kulegea, na nailoni niliigeuza kitambaa cha kufunika maziwa. Baridi ya mwezi wa saba ninavaa kofia ya sufu ya mitumba, lakini chini yake pamba kwanza, maana sufu inawasha.

Wifi aliniletea mafuta ya ng'ombe. Yalinukia zizi, na vumbi lote la njiani likaja kukaa kichwani. Nilimshukuru nikayapikia. Kinachonifaa ni kuosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, kuisuuza yote iishe, kukausha kwa kugusa, na kupaka mafuta ya nazi au ya mgando kidogo tu, ngozi ilainike isichuruzike. Wembe nilikuja kuutumia ngozi ilipopona kabisa: wangu peke yangu, mpya, povu la kutosha, na kuufuata unyweleo unakoelekea. Ukipandisha kinyume unapata ulaini wa siku mbili na vipele vya wiki mbili kisogoni, kwa sababu unywele unakatika chini ya ngozi na kurudi ndani. Vikitoka, ninaacha kunyoa hadi vitulie. Sivitumbui. Na mzigo wa kichwani nilipunguza. Nilipobeba, ngata ilikuwa ya khanga kuukuu, si majani makavu.

Kisogo sikioni. Nesi alisema nitafute mtu wa kunikagua mara kwa mara, na kidonda chochote kisichopona nikipeleke. Mtu huyo akawa mume wangu. Jumamosi nikishanyoa nilikaa kwenye kigoda mbele yake barazani, naye alipitisha kidole kuanzia sikio hadi sikio, polepole, kwa mkono ule ulio mzima. "Hapa umeacha." "Hapa pamepata joto, jana ulikwenda bila kofia." "Hapa safi." Mwanamume aliyekuwa hajui hata chumvi iko wapi jikoni alikijua kichwa changu kuliko mimi. Aliishi miaka mingi baada ya kile kilio cha uani, na alipenda kuwaambia wageni kwamba yeye ameshaliliwa, deni hilo limekwisha.

Halafu akaugua tena, na mara hii aliugua kitandani. Nikawa na kazi nyingi, lakini si kazi iliyonizuia kunyoa. Niliacha makusudi. Nywele za pembeni zikaanza kutoka, nyeupe sasa. Sikumwambia mtu. Niliona wifi atakuja na wembe wake, naye mume wangu anastahili zipatikane nywele za kutolewa kwa ajili yake.

Siku moja nilimwinulia kichwa ili anywe uji. Mkono wake ukanigusa nyuma ya sikio, ukasimama.

"Hizi unamfugia nani?"

"Nimesahau kunyoa."

"Wewe?" Akapumua. "Nyoa, mama watoto. Usinifugie nywele. Mimi sijaondoka."

Nikachemsha maji, nikanyoa palepale chumbani, yeye akinitazama. Nilipomaliza nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, nikageuza kisogo. Kidole kilichukua muda kufika.

"Hapa umeacha," akasema.

Nikarudia hapo.

Hivyo ndivyo nilivyoendelea kufanya kila Jumamosi hadi alipofariki. Siku ya kumaliza matanga wifi alikuja, amezeeka, ameinama, na wembe mpya kwenye karatasi yake. Watu walikuwa wamekaa. Akanifungua kitambaa, akaweka kiganja kichwani kwangu, akakikuta laini, hakuna hata kijiti. Nilidhani atakasirika. Aliufunga wembe kwenye karatasi yake na kuurudisha kwenye khanga.

"Leteni mafuta," akawaambia watoto.

Akanipaka polepole, kichwa chote, akisema maneno yake yale ya siku zote, ambayo safari hii alikuwa na wa kumwambia. Alipofika nyuma ya sikio nikamwambia, "Hapo angalia vizuri wifi, huwa ninaacha." Akaangalia. Akasema pako safi.